Soweto, soda na senti 2.1: kisa cha kodi iliyopima sukari badala ya lita

Februari 2016, waziri wa fedha wa Afrika Kusini, Pravin Gordhan, alisoma bajeti iliyotangaza kwamba vinywaji vyenye sukari vitatozwa kodi. Miezi michache baadaye, Julai, wizara yake ilitoa pendekezo kamili, na hapo ndipo watengenezaji wa soda walipoanza kuhangaika kweli. Kodi isingehesabiwa kwa chupa wala kwa lita. Ingehesabiwa kwa gramu za sukari zilizomo: senti 2.29 za randi kwa kila gramu, kuanzia gramu ya kwanza.

Sababu haikuwa ya kufichika. Takwimu za vifo za mwaka huohuo wa 2016 ziliweka kisukari katika nafasi ya pili nchini humo miongoni mwa magonjwa yanayoua, nyuma ya kifua kikuu tu. Kwa wanawake kilikuwa nafasi ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka huo ulikuta wanawake 68 katika kila 100, na wanaume 31 katika kila 100, wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Nchi iliyotumia miaka mingi kupambana na Ukimwi ilijikuta na ugonjwa mwingine wa maisha yote, na huu umeletwa na namna watu wanavyokula, wanavyokunywa na wanavyokaa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mbili. Mji uliomo ndani yake unafanana sana na miji yetu, na kodi yenyewe imeshapimwa kwa takwimu za manunuzi halisi, si kwa makadirio ya mezani.

Tuanze na mji. Soweto ulijengwa na utawala wa kibaguzi kusini-magharibi mwa Johannesburg ili wafanyakazi weusi walale mbali na wazungu lakini wafike kazini asubuhi. Ubaguzi wa kisheria umekwisha, lakini umbali umebaki palepale. Mtu wa Soweto anayefanya kazi upande wa kaskazini wa jiji huamka usiku, hupanda teksi ya abiria, basi dogo kama daladala zetu, hukaa humo hadi ashushwe, kisha hukaa tena kazini: mlangoni kama mlinzi, kwenye mashine ya malipo dukani, au mbele ya kompyuta. Jioni hurudi vilevile. Akifika nyumbani giza limeshaingia, na mitaa mingi si salama kwa mwanamke kutembea peke yake, seuze kukimbia. Wahamasishaji wa mazoezi wanaomwambia atembee dakika 30 kwa siku wangemwambia pia atembelee wapi na saa ngapi.

Chakula cha njiani ni kota. Ni robo ya mkate mweupe uliotobolewa katikati, ukajazwa chipsi, vipande vya nyama ya poloni, jibini, achari, na wakati mwingine soseji au yai. Kinashibisha, ni rahisi kupatikana, na kwa mtu aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula ni chakula cha maana. Pembeni yake kuna soda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walioizunguka Soweto kwa gari mwaka 2013 walihesabu matangazo ya vinywaji vya sukari barabarani na kukagua shule pia. Takriban nusu ya shule zilikuwa na tangazo la kinywaji cha namna hiyo kwenye eneo la shule lenyewe, mara nyingi kwenye kibao chenye jina la shule. Yeyote aliyesoma shule ya msingi katika miji yetu, ambako jina la shule limepakwa rangi za kampuni ya soda, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tazama kinachotokea mwilini mtu huyo anapokula kota na soda moja ya mililita 330. Soda ya kawaida ya kola ina karibu gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa hiyo ina gramu 35, zaidi ya vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chupa moja imeshapita kiwango bora, na bado hajanywa chai ya jioni.

Sukari ya kwenye kinywaji ina tabia mbili mbaya kuliko ile ya kwenye embe au muwa uliotafunwa. Kwanza, haishibishi. Mtu akinywa soda hapunguzi kota, anaila yote. Pili, hupita tumboni haraka, na kila kiungo kinaipokea kwa wingi kwa mara moja. Nusu yake ni glukosi, ambayo huingia kwenye damu na kulilazimu kongosho kumwaga insulini ili glukosi iingie kwenye seli. Hifadhi kubwa ya glukosi ni misuli. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata insulini ikiwa kidogo, ndiyo maana matembezi mafupi baada ya kula hushusha sukari ya damu. Lakini misuli ya mtu aliyekaa tangu alfajiri bado ina akiba yake ya jana. Haina pa kuweka nyingine.

Nusu ya pili ni fruktosi, na hiyo sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ini likipokea nyingi mno huigeuza mafuta, na mafuta yakijaa ndani yake ini huacha kuitii insulini. Matokeo yake ni kwamba usiku, wakati halitakiwi kufanya hivyo, linaendelea kumwaga glukosi kwenye damu. Kongosho linaongeza insulini kufidia, mwaka baada ya mwaka, mpaka linachoka. Hapo ndipo kipimo cha asubuhi kabla ya kula hufika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na mtu anaitwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Ugonjwa wenyewe ulianza miaka mingi nyuma, bila kiu, bila kukojoa mara kwa mara, bila dalili yoyote. Wengi hugundulika kwa bahati tu: kidonda cha mguuni kisichopona, macho yaliyofifia, au kipimo kilichochukuliwa kwa sababu nyingine kabisa.

Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka, zilipojumlishwa mwaka 2010, zilionyesha kwamba wanaokunywa kinywaji cha sukari mara moja au mbili kwa siku wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyozidi kwa asilimia 26 ile ya wale wasiokunywa au wanaokunywa chini ya mara moja kwa mwezi. Soda si chanzo pekee. Lakini miongoni mwa vyanzo vyote ndiyo rahisi kuigusa kwa sheria: inatengenezwa na viwanda vichache, imepimwa, imefungwa, na mwili hauihitaji kwa lolote. Mkate huwezi kuufanyia hivyo. Umbali wa kwenda kazini ndiyo kabisa.

Turudi kwenye kodi. Pendekezo la Julai 2016 lingepandisha bei ya soda ya kola kwa karibu asilimia 20. Watafiti wa Witwatersrand walikuwa wamekwisha kukadiria mwaka 2014 kwamba kodi ya kiwango hicho ingepunguza watu wazima wenye unene wa kupindukia kwa zaidi ya laki mbili. Viwanda vya vinywaji na wakulima wa miwa wa KwaZulu-Natal na Mpumalanga wakapinga kwa nguvu, hoja yao kubwa ikiwa ajira. Mwaka 2017 wote ulikwenda kwa vikao vya bunge. Sheria ilipotiwa saini Desemba 2017 ilikuwa imepungua: gramu nne za kwanza katika kila mililita 100 hazitozwi, na zinazozidi hapo zinatozwa senti 2.1 kila moja. Mzigo kwa soda ya kola ukashuka kutoka karibu asilimia 20 hadi karibu 11. Ilianza kutozwa tarehe 1 Aprili 2018 kwa jina la Tozo ya Kukuza Afya, na mwaka uliofuata ikapanda kidogo hadi senti 2.21.

Wanaharakati wengi waliuona mpaka huo wa gramu nne kama kushindwa. Mimi nauona tofauti, na hesabu ndiyo inayonishawishi. Chukua chupa tatu za mililita 330. Ya kwanza ina gramu 10.6 kwa kila mililita 100: zinazozidi ni 6.6, mara 3.3, sawa na karibu gramu 22, na kodi yake ni senti 46. Ya pili ina gramu 8: zinazozidi ni 4, kodi ni senti 28. Ya tatu imepunguzwa hadi gramu 4: kodi ni sifuri. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa kiwanda. Kila gramu unayoiondoa kwenye tangi inakuokolea fedha, na ukifika kwenye mstari wa nne unatoka kabisa kwenye daftari la mtoza ushuru. Huna haja ya kumsubiri mteja abadili tabia. Unabadilisha mapishi.

Na ndicho walichofanya, tena kabla kodi haijaanza. Soda za matunda na za ndimu zilipunguziwa sukari. Kopo la kola la mililita 330 likawa la 300, kwa sababu ladha ya kola yenyewe kiwanda hakikutaka kuigusa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia rekodi za manunuzi ya familia za mijini, zilizoandikwa kinywaji kwa kinywaji. Kabla ya tangazo la 2016, sukari iliyotokana na vinywaji vinavyoguswa na kodi ilikuwa karibu gramu 16.3 kwa mtu kwa siku. Kati ya tangazo na kuanza kwa kodi ilishuka hadi 14.3. Mwaka mmoja baada ya kodi kuanza ilikuwa 10.6. Imepungua kwa zaidi ya theluthi. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa familia za kipato cha chini, zile ambazo wapinzani walisema kodi ingezikandamiza.

Lakini soma pamoja na namba nyingine. Wingi wa vinywaji hivyo ulipungua kutoka karibu mililita 519 kwa mtu kwa siku hadi 443, yaani kwa asilimia 15 tu. Sukari imeshuka kwa asilimia 35, kinywaji kwa 15. Watu walipunguza kunywa kiasi, ndiyo. Ila kile walichoendelea kunywa kilikuwa chepesi zaidi kuliko cha zamani, ama kwa sababu mapishi yamebadilika au kwa sababu wamehamia aina yenye sukari kidogo. Kodi ya kawaida ya lita isingeweza kuleta pengo hilo. Mexico ilianza mwaka 2014 kutoza peso moja kwa kila lita, na manunuzi yakashuka kwa asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili. Hayo ni mafanikio, lakini pale soda yenye sukari nyingi na yenye sukari kidogo zinalipa sawa, kwa hiyo kiwanda hakina sababu ya kugusa mapishi.

Kuna mambo matatu ambayo tozo ya Afrika Kusini haikuyafikia, na ni bora yasemwe waziwazi.

La kwanza ni juisi. Juisi ya matunda halisi isiyoongezwa sukari ilisamehewa, ingawa nyingi zina sukari karibu sawa na soda, na ini halitambui kama fruktosi imetoka kwenye chungwa au kwenye gunia. Mzazi aliyeacha kumnunulia mwanawe soda akahamia kwenye boksi la juisi ya zabibu hajaokoa kitu.

La pili ni vitamu bandia vilivyochukua nafasi ya sukari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida yake ya muda mrefu haijaonekana. Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari, soda ya namna hiyo bado ni afadhali kuliko yenye gramu 35. Kwa mtoto ambaye ulimi wake unazoea utamu mkali tangu asubuhi, sina uhakika tumemsaidia sana.

La tatu ni siasa. Tozo isiyopanda pamoja na bei za bidhaa huyeyuka polepole. Februari 2022 serikali ilitangaza kuipandisha hadi senti 2.31, kisha ikaahirisha, na mwaka 2023 ikaigandisha kwa miaka miwili ili sekta ya miwa ipate kujipanga upya. Sekta hiyo ilikuwa taabani kweli: kampuni kubwa ya sukari, Tongaat Hulett, iliingia kwenye utaratibu wa kisheria wa kuiokoa isifilisike Oktoba 2022. Ila matatizo yake ya hesabu yalikuwa yameibuliwa miaka kadhaa nyuma, na hayakuletwa na soda. Mexico hapa iliwazidi: sheria yao tangu mwanzo iliagiza kiwango kirekebishwe kila mfumuko wa bei ulipofikisha jumla ya asilimia 10, bila kusubiri huruma ya waziri.

Fedha nazo ziliingia kwenye mfuko mkuu wa serikali, zaidi ya randi bilioni 2 kwa mwaka. Hazikufungwa kwa ajili ya kliniki za Soweto, wala njia za waenda kwa miguu, wala taa za barabarani. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la kisa hiki. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba watu walio ukingoni mwa kisukari wakipunguza karibu asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao hushuka kwa asilimia 58. Tozo ya soda haimtembezi mtu. Taa za barabarani, kijia salama na muuguzi anayepima sukari kwenye kituo cha teksi vingeweza kusaidia, na fedha zilikuwepo.

Je, kisukari kimepungua Soweto? Hakuna aliyeonyesha hivyo, na asingeweza. Ugonjwa unaochukua miaka mingi kujengeka hauwezi kupimwa kwa mizani ya miaka michache. Kinachopimika sasa ni sukari inayoingia nyumbani, na hiyo imeshuka.

Afrika Mashariki hali ikoje? Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari. Foleni za Mbagala na Gongo la Mboto, au za Thika Road kule Nairobi, zinamkalisha mtu kama teksi ya Soweto inavyomkalisha. Badala ya kota tuna chipsi mayai. Na vinywaji baridi tunavitoza tayari, ila ushuru wa bidhaa wa Tanzania na Kenya unahesabiwa kwa lita. Soda yenye gramu 106 kwa lita inalipa sawa na yenye gramu 40. Kenya huyatoza ushuru hata maji ya chupa, kwa hiyo mnywaji anayeacha soda akanunua maji bado anakutana na mtoza ushuru yuleyule. Kuhamia kwenye gramu kusingehitaji kupandisha mapato hata kwa shilingi moja. Kungehitaji kugawa upya ushuru uliopo, maji yasilipe na sukari ilipe.

Jambo moja hapa kwetu ni gumu kuliko kule. Sehemu kubwa ya sukari ya mjini haitoki kiwandani ikiwa imeyeyushwa. Inawekwa kwa kijiko kwenye chai ya rangi na chai ya maziwa, asubuhi, saa nne na jioni, vijiko vitatu kila kikombe. Iko kwenye juisi ya ndoo ya mama lishe na kwenye unga wa juisi wa pakiti unaokorogwa nyumbani. Mtu wa vikombe vitatu vya chai ya namna hiyo ameshakunywa gramu zinazolingana na soda bila kukutana na ushuru wowote wa vinywaji. Hapo kodi haisaidii, na kazi inabaki kwa muuguzi wa kliniki anayemuuliza mgonjwa swali mahususi: unaweka vijiko vingapi, na kijiko cha ukubwa gani? Jibu la "kidogo tu" halitoshi kuandikwa kwenye faili.

Kwa vinywaji vya viwandani, kikwazo ambacho maofisa hupenda kukitaja ni upimaji: nani atahakikisha kwamba gramu zilizoandikwa kwenye chupa ni za kweli? Afrika Kusini walilitatua kwa kifungu kimoja. Mtengenezaji lazima athibitishe kiwango cha sukari kwa kipimo cha maabara iliyoidhinishwa. Asipothibitisha, mamlaka ya mapato huchukulia kwamba kinywaji chake kina gramu 20 katika kila mililita 100, karibu mara mbili ya kola, na humtoza hivyo. Kwa kifungu hicho mzigo wa kupima unahama kutoka TBS au KEBS kwenda kwa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda anayedaiwa kodi ya gramu 20 kwa soda yenye 8 hupeleka chupa yake maabara mwenyewe.